Mvua Juu ya Sakafu ya Mahindi

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima wadogo kando ya Mto Tana, mwendo mfupi kutoka mji wa Garissa. Wengi wetu tulikuwa wana wa wafugaji. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa baba yangu, nasi tukashuka mtoni kujifunza kushika jembe, jambo ambalo shangazi zangu walilitaja kwa sauti ya chini kana kwamba ni maradhi. Wenzetu wengine walikuwa wamezaliwa pale pale mtoni, na mababu zao walilima kabla ya mji kuwapo. Hao ndio waliotufundisha wakati wa kupanda na wakati wa kuogopa viboko. Tulisema lugha tatu au nne, kwa hiyo mikutano ilifanyika kwa Kiswahili, kila mtu kwa namna yake.

Nilichaguliwa mwenyekiti kwa sababu mbili. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, na nilikuwa na sauti kubwa iliyoweza kushindana na pampu ya maji. Sijui ipi ilikuwa na uzito zaidi.

Chama kilikuwa na mashine moja ya kupampu maji, ghala la mabati, na sakafu ya saruji. Hiyo sakafu ndiyo iliyokuwa fahari yangu. Tuliijenga wenyewe, wanaume wakichota mchanga na kokoto, sisi wanawake tukibeba maji, na fundi akaiinua kidogo katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni badala ya kutuama. Ilikuwa laini na safi. Tatizo ni kwamba wakati wa mavuno hakuna aliyeitumia. Kila mtu alimwaga mahindi yake uwanjani kwake, juu ya udongo, katikati ya kuku na mbuzi, akayarudisha guniani alipoona inafaa.

Msimu mmoja tulipeleka mahindi katika shule ya bweni ya mjini, iliyokubali kuwa mnunuzi wetu. Mtunza stoo wa shule ile alikuwa mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alichukua chuma chenye mfereji, akalichoma gunia la kwanza, akachomoa punje, akazinusa. Akachoma la pili. Alipofika gunia la tano alirudisha chuma mahali pake na kutuambia kwa upole kwamba hawezi kuwapikia watoto wa watu kitu chenye harufu ile. Ndani ya gunia punje zilikuwa na joto kama mkate, na nyingine zilikuwa zimeota unga wa kijani. Mahindi mabovu yalikuwa ya watu wachache tu. Lakini tulikuwa tumeyachanganya ghalani, na ukungu hauulizi gunia ni la nani. Lori likarudi na mzigo wote.

Ndiyo maana msimu uliofuata, mahindi yalipoanza kukauka shambani na mawingu ya vuli kuanza kupita, niliandika barua kwa wanachama. Niliiandika mezani kwangu baada ya chakula cha mchana, nikaifuta mara nyingi, kwani mara ya kwanza ilisikika kama amri ya mkuu wa wilaya. Mwisho nikaandika nilivyoweza kusema mdomoni:

"Ndugu wanachama, assalamu alaykum na salamu kwa wote. Mahindi yetu yanaingia ghala moja, na yakiharibika yanaharibika pamoja. Kwa hiyo nawaomba: mkishapukuchua, yaleteni sakafuni. Tutayatandaza yawe membamba, kina cha vidole viwili, na kuyageuza mara kwa mara ili ya chini nayo yaone jua. Jioni tutayakusanya na kuyafunika kwa turubai, maana umande wa mtoni hurudisha unyevu uliotolewa na jua mchana kutwa. Tusiyatie guniani yakiwa ya moto, yapoe kwanza. Na gunia lolote lisiingie ghalani kabla halijapimwa. Bwana kilimo ameahidi kutuazima kipimo cha unyevu. Kikionyesha asilimia kumi na tatu na nusu au chini yake, mahindi yataingia. Kikionyesha zaidi, yatarudi sakafuni bila aibu kwa mwenyewe. Sakafu ni yetu sote, na wakati wa mavuno ni ya mahindi peke yake."

Katibu wetu, mzee Mpokomo, mmoja wa wale wenyeji wa mtoni, mwenye subira nyingi, alinakili barua hiyo. Moja ilibandikwa mlangoni mwa ghala, nyingine ikasomwa nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, na nyingine akaisoma yeye mwenyewe kwa majirani zake siku ya Jumapili. Nilijiona nimemaliza kazi.

Jumatatu sakafu ilikuwa tupu. Alikuja mama mmoja tu, jirani yangu, akatandaza mahindi yake upande mmoja, akakaa kivulini akinitazama kwa huruma.

Aliyekuwa na sauti kati ya waliokataa alikuwa adeer yangu, yaani kaka wa baba. Kwetu Wasomali adeer humwita mtoto wa nduguye kwa jina hilo hilo, basi sisi wawili tuliitana adeer mchana kutwa. Alikuwa mrefu, ndevu zake zimepakwa hina, na alipokuwa akifuga ngamia watu walitoka mbali kuja kumuuliza habari za malisho. Maneno yake yalikuwa na uzito. Nilipomwendea alinikaribisha kwa chai ya maziwa, akauliza habari za watoto wote mmoja mmoja, kisha akanieleza kwa utulivu kwa nini barua yangu haikuwa na maana. Garissa, alisema, nyama ikianikwa asubuhi jioni imekuwa ngozi. Nguo haipati muda wa kudondosha maji. Katika jua kama hili mtu anatafuta unyevu wa nini? Watu wa milimani, wanaoishi ndani ya mawingu, ndio wanaohitaji vipimo.

Hoja yake ilikuwa nzuri, na mimi mwenyewe niliwahi kuiamini. Kisha akafikia lililokuwa moyoni mwake. Binti yake mdogo alikuwa anaolewa wiki ile ile. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Bura, ndugu zetu waliobaki na mifugo, na yeye alikuwa amekwisha kuwaahidi wanawake kwamba ngoma itachezwa juu ya sakafu ya saruji, mahali pekee pasipo na vumbi upande wetu wa mto. Na sasa barua ya mtoto wa ndugu yake imesomwa msikitini, mbele ya watu, ikisema sakafu ni ya mahindi peke yake.

"Adeer," akaniambia, "umeninyima uwanja kwa ajili ya punje."

Kumkatalia kaka wa baba jambo la arusi si kitu chepesi. Nikamwomba kitu kimoja tu: kesho yake bwana kilimo angekuja na kipimo, naye aruhusu gunia lake moja lipimwe. Likionekana kavu, sakafu ni yake kwa siku nzima ya arusi, nami nitaifagia kwa mikono yangu. Akacheka, akakubali papo hapo. Niliporudi nyumbani nikaanza kutafuta ufagio, maana kwa jua lile huenda angenishinda.

Bwana kilimo alikuwa kijana kutoka magharibi ya nchi, mcheshi, aliyezoea kutokwa jasho. Alikuta umati ukimngoja, kwa kuwa habari ya mashindano ilikuwa imezunguka. Adeer alileta gunia lake bora juu ya punda. Kabla ya kitu chochote alitia punje mdomoni, akaivunja kwa jino. Sauti ilisikika: ka! Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Mimi nabima na meno yangu," akamwambia bwana kilimo kwa Kiswahili chake, ambacho hakikuwa na herufi p. "Miaka yote haijanidanganya."

Bwana kilimo hakubishana. Alisema jino ni kipimo kizuri cha punje moja, na gunia lina punje nyingi. Akachomoa mahindi ya juu, ya katikati na ya chini kabisa, akayachanganya katika sinia. Ili kila mtu aone kwa macho yake, alianza na chupa. Ilikuwa chupa ya kioo, kavu, yenye kifuniko. Akatia mahindi mpaka theluthi, akaongeza chumvi iliyokaangwa kwenye kikaango hadi ikakauka kabisa, akafunga, akampa adeer aitikise mwenyewe. Adeer akaitikisa kwa nguvu kama anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu, wanawake wakacheka. Kisha chupa ikawekwa kivulini tungoje kidogo. Bwana kilimo alieleza kwamba chumvi ikianguka chini yote, mahindi yamekaribia kukauka. Ikiganda ubavuni mwa chupa, yana maji.

Chumvi iliganda. Iligandia kioo pande zote, nyeupe, kama ukoko wa uji.

Adeer aliinyanyua chupa akaielekeza juani, akaizungusha. Bwana kilimo akasaga punje chache katika kikombe cha kipimo, akakaza kifuniko, na namba ikatokea: kumi na saba na kidogo. Hakuna aliyecheka sasa. Adeer akaliendea gunia lake, akalimwaga lote chini juu ya turubai, akapiga magoti. Punje za juu alizivunja kwa jino na zikalia. Akatafuta zenye vumbi, zile zilizokuwa zimelala juu ya udongo uwanjani kwake, akavunja moja. Haikulia. Ilibonyea. Akavunja nyingine, na nyingine, mpaka nikaona aibu kumtazama. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, na hapo akaanza kucheka yeye mwenyewe, kicheko kirefu kilichotingisha ndevu.

Alisema jua la Garissa ni la kweli, halina lawama. Lakini hata jua halipiti chini ya mgongo wa mtu aliyelala. Mchana mahindi yake yalikauka upande mmoja, usiku yakanywa kutoka udongoni. Akanigeukia, akaniuliza mbele ya wote sakafu ina nafasi ya magunia mangapi.

Alasiri hiyo hiyo punda walianza kuja. Siku iliyofuata ilibidi tugawe sakafu kwa kamba, kila familia na sehemu yake, na zamu ya kugeuza kwa reki za mbao. Nilikuwa nimedhani itakuwa kazi ya kusukumana. Ikawa baraza. Wanawake walioishi mtaa mmoja kwa miaka bila kusalimiana vizuri walijikuta wakigeuza mahindi bega kwa bega, wakiulizana habari za uzazi na dawa za kikohozi. Mtu aliyekuja kutazama mahindi yake aliyageuza na ya jirani. Katibu alileta redio. Jirani yangu, yule aliyekuja peke yake siku ya kwanza, alijifanya mkuu wa sakafu, akawafukuza mbuzi na wazee wenye viatu vichafu kwa ukali ule ule, na hakuna aliyemkasirikia.

Ila arusi ilikuwa palepale. Siku ilifika na sakafu imejaa mahindi kutoka ukingo hadi ukingo, karibu yakauke, yamebakiza jua la mchana mmoja. Adeer alitandika mikeka uwanjani kwake, akamwagia maji vumbi lilale. Nikahi ilifungwa asubuhi, tukala wali na nyama ya ngamia, na wageni wa Bura walijaa nyumba zote, wanaume warefu wenye vikoi na fimbo, wanawake waliovaa madirac ya rangi za kila namna, yale magauni mepesi yanayopepea hata pasipo upepo. Mimi nilikula nikitazama nje ya mlango.

Adhuhuri ikapita. Wanawake walikuwa wameanza kupiga ngoma na kumwimbia bibi arusi, wakipokezana mashairi, upepo ulipobadilika ghafla ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Nikatoka nje. Upande wa kusini mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya wino.

Wageni wetu wa Bura waliona wingu lile wakapaza sauti za furaha. Mvua siku ya arusi! Kwa mfugaji hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Wazee walinyoosha mikono kumshukuru Mungu, kina mama wakapiga vigelegele, na mmoja akaanza shairi jipya papo hapo, kwamba bibi arusi huyu amekuja na malisho katika nyayo zake. Na sisi wakulima, katikati ya kundi hilo la kushukuru, tulikuwa tukitazamana kwa macho ya hofu. Ni aibu kuiombea mvua ipite kando mbele ya watu ambao ng'ombe wao wanaingoja. Lakini jasho la watu wote lilikuwa limelala wazi pale sakafuni.

Nilitupa viatu nikakimbia. Nyuma yangu nikasikia adeer akiwaita wageni wake kwa Kisomali, sauti ile ile aliyoitumia zamani kukusanya ngamia kisimani. Sikusikia maneno yote. Nilichosikia ni: "Mvua ni yenu, mahindi ni yetu. Njooni tuyaokoe, kisha tuishukuru pamoja."

Wakaja wote. Sijaona tena kitu kama kile. Wanawake walifunga madirac yao kiunoni wakashika reki, mabakuli, masinia ya arusi, hata vifuniko vya sufuria, wakayasukuma mahindi kuelekea katikati ambako sakafu imeinuka. Wanaume wa Bura, ambao baadhi yao hawakuwahi kugusa punje isiyopikwa, walishika pembe za maturubai dhidi ya upepo, wakapaa nayo nusu, wakarudi chini. Mke wa katibu alikuwa akielekeza kwa Kipokomo, jirani yangu kwa Kisomali, na kila mtu alielewa. Kina mama waliokuwa wakiimba hawakuacha kuimba. Shairi la bibi arusi liliendelea likafuata mwendo wa reki. Bibi arusi mwenyewe, hina mbichi mikononi, alisimama mlangoni kwao akishangilia, maana shangazi zake walimkataza kutoka.

Tulibana turubai la mwisho kwa mawe matone makubwa yalipoanza kuanguka. Yakapiga juu ya turubai kama ngoma nyingine. Hakuna aliyekimbilia ndani. Tulisimama tukilowa, tukicheka, hina ya ndevu za adeer ikimchuruzika kifuani, na maji yakateremka pembeni mwa sakafu kama fundi alivyokusudia.

Mvua ile ilikuwa fupi. Kesho yake jua lilirudi na nguvu zote, tukafunua, tukakuta mahindi makavu kama tulivyoyaacha, isipokuwa ukingo mmoja uliolowa ambao tuliutenga kando. Wageni waliahirisha safari yao ya kurudi Bura, wakakaa nasi siku mbili zaidi, wakigeuza mahindi kana kwamba ni yao. Tulipopima, karibu magunia yote yalifika kumi na tatu na nusu au chini yake. Yaliyobaki yalirudi sakafuni, na kweli hakuna aliyeona aibu. Tulipomaliza kufunga na kuyapanga ghalani juu ya mbao, mbali na ukuta, tulifagia sakafu na binti wa adeer akachezewa ngoma yake pale alasiri nzima, akiwa tayari ni mke wa mtu.

Siku ya kupeleka mahindi shuleni, adeer alikataa kubaki. Alipanda juu ya magunia na kilemba kipya. Mama mwenye miwani alitoka na chuma chake, akachoma la kwanza, la pili, akaendelea mpaka nikadhani hatakoma. Alinusa. Akamwaga punje kiganjani, akazipeperusha, akazitazama tena. Kisha akawaita vijana wa jikoni waje kushusha.

Adeer alimfuata ndani ya stoo kuhakikisha wanayaweka juu ya mbao. Alichelewa sana kutoka, nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba amegombana na mtu. Nilimkuta jikoni, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mama wa stoo akimwonjesha githeri ya mahindi na maharage iliyokuwa motoni, naye akimweleza, kwa Kiswahili chenye herufi alizozichagua mwenyewe, namna bora ya kumtibu ngamia mwenye upele. Alinisogezea sahani, akaniambia nikae, chakula ni kingi.